Majoka wanane wa Luoyang: mtungi wa Zhang Heng ulijuaje kuwa ardhi imetikisika?

Kuna picha ambayo huzunguka sana kwenye simu za watu. Ni mtungi mkubwa wa shaba nyeusi, tumbo pana, juu una kifuniko cha kuba. Ubavuni wametokeza majoka wanane, vichwa chini, kila mmoja ameuma gololi. Chini ya kila joka kuna chura amekaa, kinywa wazi, akingoja. Maneno yanayoandamana na picha hiyo huwa ni yale yale: kwamba huu ni mtambo wa Wachina wa miaka karibu elfu mbili iliyopita uliotambua matetemeko ya ardhi, na kwamba wao walikuwa nao kabla ya dunia nzima.

Habari hiyo ni ya kweli kwa sehemu kubwa, lakini picha si ya kweli kwa namna watu wanavyoidhania. Mtungi unaoonekana pale haukuchimbuliwa ardhini. Ni nakala iliyobuniwa mwaka 1951 na mtaalamu wa mambo ya kale wa Uchina aliyeitwa Wang Zhenduo. Mtungi wenyewe wa kale haupo. Hakijapatikana kipande chake hata kimoja, si joka, si chura, si gololi. Kilichobaki ni maandishi, nayo ni mafupi, chini ya herufi 200 za Kichina. Kila kinachosemwa leo kuhusu namna mtambo ule ulivyofanya kazi kimejengwa juu ya aya hiyo moja. Kwa hivyo tuanze na aya yenyewe.

Imo katika historia rasmi ya enzi ya Han ya baadaye, iliyokusanywa na Fan Ye katika karne ya 5, yaani miaka kama 300 hivi baada ya tukio. Inamsimulia Zhang Heng, aliyezaliwa mwaka 78 na kufariki mwaka 139. Alikuwa mnajimu mkuu wa serikali katika mji mkuu wa Luoyang, na alikuwa mtu wa mambo mengi: mshairi, mwanahesabu, mchoraji wa ramani, tena alitengeneza tufe la nyota lililozungushwa kwa nguvu za maji. Mwaka 132 alikamilisha chombo ambacho jina lake linaweza kufasiriwa kama chombo cha kuchunguza upepo na mitikisiko ya ardhi. Huo upepo umo kwenye jina kwa sababu wakati ule wasomi walidhani tetemeko hutokana na hewa inayosukumana ndani ya ardhi.

Aya inasema chombo kilitengenezwa kwa shaba nyeusi safi, upana wake chi nane. Chi ya enzi ya Han ilikuwa karibu sentimita 23, kwa hivyo tunazungumzia mtungi wenye upana wa karibu mita 1.9, mkubwa kuliko matangi mengi tunayoyaweka juu ya mapaa yetu. Umbo lake lilifanana na chombo cha kuwekea mvinyo, na nje kulinakshiwa milima, kasa, ndege na wanyama. Halafu yanakuja maneno machache ambayo yamewasumbua wataalamu tangu karne ya 19. Ndani, aya inasema, mlikuwa na nguzo kuu. Pembeni njia nane. Na kulikuwa na komeo na kifyatuo. Nje majoka wanane na vyura wanane. Ardhi inapotikisika, joka hutema gololi, chura huidaka, na mlio wa shaba juu ya shaba humwamsha mlinzi. Joka mmoja tu ndiye hutema. Wale saba wengine hutulia. Ukitazama ni joka yupi aliyetema, unajua tetemeko limetoka upande gani.

Basi. Mambo ya ndani yamemalizwa kwa maneno hayo, na mwandishi anaongeza kwamba yote yalikuwa yamefunikwa, hayaonekani.

Baada ya hapo ndipo kinakuja kisa kilichoupa mtungi ule sifa. Siku moja joka mmoja alitema gololi, lakini hakuna mtu katika mji mkuu aliyehisi lolote. Wasomi wa Luoyang wakashangaa. Wengine wakaona chombo kimekosea. Siku kadhaa baadaye akawasili mjumbe: ardhi imetetemeka Longxi. Hapo wote wakakubali, na kuanzia siku hiyo maofisa wakaamriwa kuandika upande ambao matetemeko yalitokea. Wataalamu wengi wanakiweka kisa hiki mwaka 138, wengine mwaka 134.

Longxi iko katika eneo linaloitwa leo Gansu, karibu moja kwa moja magharibi ya Luoyang, umbali wa karibu kilomita 700. Kwa farasi wa kupokezana ni safari ya siku kadhaa. Kwa mawimbi ya tetemeko ni dakika chache. Mawimbi ya kwanza, yale yanayosukuma na kuvuta ardhi kuelekea yanakokwenda, hufika umbali huo kwa dakika moja na nusu hivi. Yanafuatwa na mawimbi yanayotikisa ardhi upande kwa upande, ambayo hufika karibu dakika tatu baada ya tetemeko kuanza. Kisha huja mawimbi yanayosafiri juu juu ya ardhi, ya polepole zaidi, lakini kwa masafa marefu hayo ndiyo huwa makubwa kuliko yote.

Kwa nini serikali ilijali kujua mapema? Sababu ya kwanza ni ya utawala: mkoa ulioharibika unahitaji chakula, fedha na msamaha wa kodi, na mfalme asiyejua hawezi kutuma. Ya pili ni siasa. Kwa Wachina wa enzi ile, tetemeko lilikuwa ishara kwamba mbingu haikuridhika na namna nchi inavyotawaliwa. Mawaziri wangeweza kulaumiwa kwa tetemeko. Chombo kinachotangaza kwa mlio habari ya namna hiyo ndani ya mji mkuu, kabla hata ya gavana wa huko kutia neno, hakikuwa pambo la ukumbini.

Tuingie sasa ndani ya mtungi. Swali kubwa ni moja: ile nguzo kuu ilikuwa imesimama, au ilikuwa inaning'inia?

Nakala ya Wang Zhenduo ya 1951, ile ya kwenye picha, ina nguzo iliyosimama. Fikiria mchi uliosimamishwa wima kwenye sakafu bila kushikiliwa. Ardhi ikisogea ghafla chini yake, mchi huanguka, na ukianguka kuelekea magharibi unaigonga njia ya magharibi, wenzo unainuka, joka wa magharibi anafungua mdomo. Wazo hili linaeleweka upesi, hata mtoto anaweza kulichora. Tatizo lake linaonekana pale unapopiga hesabu.

Nguzo iliyosimama huanguka pale mtikiso unapozidi kiwango fulani, na kiwango hicho kinategemea upana wa kitako ukilinganisha na urefu. Chukua nguzo ya mita 1.5 yenye kitako cha sentimita 3. Gawanya 3 kwa 150, unapata mbili kwa mia. Maana yake nguzo haitaanguka mpaka ardhi isukumwe kwa nguvu ya asilimia 2 ya mvuto wa dunia. Lakini mtikiso wa nguvu hiyo watu wanauhisi vizuri. Vyombo vinagongana kabatini na waliolala wanaamka. Kisa cha Longxi kinatuambia hakuna aliyehisi. Mtu aliyetulia huanza kuhisi mtikiso ukiwa karibu sehemu mbili kwa elfu moja ya mvuto. Ili nguzo yetu ianguke chini ya kiwango hicho, kitako chake hakifai kuzidi milimita 3. Nguzo ya shaba yenye urefu wa mtu mfupi, imesimama juu ya upana wa punje ya mchele! Mlango ukibamizwa, imeanguka. Gari la ng'ombe likipita nje, imeanguka. Na ikishaanguka haijisimamishi. Mpaka mtu afungue mtungi wenye upana wa karibu mita mbili, aingize mikono na kuisimamisha upya, pumzi ameizuia.

Ndiyo maana wataalamu wengi wa matetemeko hawakuridhika na nakala ile, pamoja na uzuri wake wote. Walioifanyia majaribio waliona inachagua pabaya: ukiifanya imara haisikii kitu, ukiifanya nyepesi inasikia kila kitu.

Njia ya pili ni nguzo inayoning'inia, na hii si mpya. John Milne, mhandisi Mwingereza aliyekwenda kufundisha Tokyo mwaka 1876 na akawa mmoja wa waasisi wa elimu ya kisasa ya matetemeko, aliisoma aya ya Zhang Heng na katika miaka ya 1880 akaieleza kwa Kiingereza. Yeye alidhani ni uzito uliotundikwa. Wang mwenyewe, katika mchoro wake wa kwanza wa mwaka 1936, alifuata wazo hilo kabla ya kubadilisha.

Kila fundi wa ujenzi anaijua kanuni hii, maana anabeba timazi mfukoni. Ukishika timazi na kuusogeza mkono polepole sana, risasi ya chini inafuata mkono. Ukiusogeza mkono kwa ghafla, risasi inabaki nyuma kwanza, ndipo inafuata. Ule muda wa kubaki nyuma ndio unaotoa taarifa. Mtungi umefungwa kwenye sakafu, kwa hivyo unakwenda na ardhi. Uzito uliotundikwa unachelewa. Kati ya kile kilichokwenda na kile kilichochelewa inapatikana tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayogusa kifyatuo. Vipima-tetemeko vilivyokuja kutengenezwa karne nyingi baadaye huko Ulaya na Japani vimejengwa juu ya tofauti hiyo hiyo.

Uzuri wa timazi kwa kazi hii ni kwamba hurudi mahali pake wenyewe. Mlango ukibamizwa, unatikisika kidogo na kutulia. Tena una mwendo wake wa asili: uzito uliotundikwa kwa urefu wa mita 1.5 huchukua karibu sekunde mbili na nusu kwenda na kurudi. Mtu anayemsukuma mtoto kwenye bembea anajua kwamba misukumo midogo ikija kwa wakati wake humpeleka mtoto juu. Mawimbi ya tetemeko yenye mwendo unaokaribia sekunde mbili na nusu yataufanyia uzito vivyo hivyo, kila wimbi likiongeza kidogo juu ya lililotangulia. Mlango uliobamizwa hauna subira hiyo, ni pigo moja la haraka na limekwisha. Kwa hivyo uzito unaoning'inia unaweza kuchuja kelele za mjini na kubaki na mwendo wa polepole wa ardhi.

Lakini tusiufanye kazi yake iwe nyepesi kuliko ilivyo. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba tetemeko kubwa la mbali linaisogeza ardhi ya Luoyang milimita 5 huku na milimita 5 huku, na kila mzunguko unachukua sekunde 10. Watu hawahisi, ni polepole mno. Uzito wetu wa mita 1.5 utatofautiana na mtungi kwa takriban theluthi moja tu ya milimita. Unene wa kucha! Na kwa theluthi hiyo lazima joka afungue mdomo.

Hapo ndipo komeo na kifyatuo vya Zhang Heng vinapopata maana. Herufi iliyotumiwa kwa kifyatuo ni ile ile iliyotumiwa kwa kifyatuo cha shaba cha upinde wa vita wa enzi ya Han, ambao askari aliuvuta kwa nguvu zake zote, akaufunga, kisha akauachilia kwa kidole kimoja. Mafundi wa wakati ule walikuwa wakisubu vifyatuo hivyo kwa wingi na kwa usahihi mkubwa. Ni kama mtego wa panya: nguvu inayomkamata panya haitoki kwa panya, imeshawekwa kwenye waya tangu jioni, na panya anaigusa tu. Vivyo hivyo kwenye mtungi. Nguvu ya kuiangusha gololi haitoki kwenye tetemeko. Imo kwenye gololi yenyewe, kwa kuwa ilipandishwa juu na mkono wa mtu. Tetemeko linatakiwa kufungua komeo tu.

Mtaalamu wa Kichina Feng Rui na wenzake waliifuata njia hii, na mwaka 2005 wakaonyesha nakala yenye uzito unaoning'inia. Chini ya ncha ya uzito waliweka gololi ndogo ya ndani, mahali inapoweza kuvurugwa kwa urahisi. Uzito ukicheza, gololi ndogo inaangukia moja ya njia nane, inateremka, inapiga wenzo, na joka wa upande huo anatema gololi yake kubwa. Waliijaribu juu ya meza inayoigiza mitikisiko ya matetemeko yaliyowahi kurekodiwa, na ikaitika. Ikumbukwe hata hivyo kwamba nakala hii inathibitisha kuwa mtambo wa namna hiyo unawezekana. Haithibitishi kwamba ndivyo Zhang Heng alivyoutengeneza.

Mpaka hapa tumezungumzia kutambua tu. Bado kuna suala la upande, na kwangu mimi hili ndilo gumu kuliko yote, ijapokuwa ndilo linalotajwa kirahisi zaidi.

Tetemeko linatokea magharibi. Wimbi la kwanza likifika likiisukuma ardhi kuelekea mashariki, mtungi unakwenda mashariki, uzito unabaki nyuma, yaani unaelekea magharibi kwa kulinganisha na mtungi. Joka wa magharibi anatema. Vizuri kabisa. Lakini matetemeko hayaanzi yote kwa kusukuma. Kulingana na namna mwamba ulivyopasuka, upande mmoja husukumwa na upande mwingine huvutwa. Wimbi la kwanza likifika Luoyang likiwa la kuvuta, mambo yanageuka, na joka wa mashariki ndiye anayetema. Aliyesoma chombo atatuma msaada baharini.

Kuna zaidi. Wimbi lile la kwanza kwa umbali wa kilomita 700 ni dogo mno, na inawezekana kabisa lisifungue komeo. Yanayofungua komeo ni yanayofuata, na miongoni mwa hayo mengi hutikisa ardhi kwa kukingama, yaani tetemeko la magharibi linaipeleka ardhi kaskazini na kusini. Mjapani Imamura Akitsune, aliyechunguza nakala ya chombo hiki katika miaka ya 1930, aliliona jambo hili: gololi ilielekea kuanguka kwa kukingama na njia ya tetemeko, kwa sababu ni mawimbi yale ya upande kwa upande ndiyo yaliyokiamsha chombo. Tukiongeza kwamba timazi ukishaanza kucheza huenda huku na kurudi huku, tunaona kwamba joka aliyetema anatuambia mstari ambao ardhi ilicheza, na hata huo kwa wakati mmoja tu. Hatuambii bila shaka tetemeko liko upande gani wa mstari huo.

Kuhusu yale majoka saba yaliyobaki kimya, aya inasisitiza jambo hilo, na ni lazima kulikuwa na kizuizi ndani. Bila kizuizi, uzito ukirudi ungempiga joka wa upande wa pili, kisha wa pembeni, na mlinzi angekuta gololi nne chini asijue ipi ilitangulia. Pengine hiyo ndiyo kazi ya komeo: wa kwanza akishatoka, mlango unafungwa kwa wengine. Gololi moja ya ndani yenye kuangukia njia moja, kama alivyobuni Feng Rui, inamaliza tatizo hilo bila kuongeza kitu.

Kwa hivyo kisa cha Longxi tukisome namna gani? Aya haitaji ni joka yupi aliyetema siku ile. Watu husema wa magharibi, lakini hilo wanaliongeza wenyewe kwa kuwa wanajua Longxi iko wapi. Maandishi yanasema gololi ilianguka, watu hawakuhisi, mjumbe akaja. Hilo peke yake linatosha kwa chombo cha mwaka 132, na haliko nje ya uwezo wa uzito unaoning'inia wenye kifyatuo kizuri. Umbali hakikuweza kuutaja, wala ukubwa wa tetemeko. Hata leo kituo kimoja hakitoshi kuonyesha mahali kwa uhakika. Hulinganishwa saa za mawimbi kufika kwenye vituo vitatu au zaidi. Luoyang ilikuwa na mtungi mmoja.

Ulaya ilisubiri hadi tarehe 17 Aprili 1889 ndipo chombo kilichokuwa Potsdam, Ujerumani, kikarekodi tetemeko lililotokea Japani bila mtu yeyote pale Potsdam kuhisi. Chombo kile nacho kilikuwa na uzito uliotundikwa.

Luoyang yenyewe ilichomwa moto mwaka 190, na mfalme na mahakama yake wakahamishiwa Chang'an. Kituo cha unajimu alichofanyia kazi Zhang Heng kilichimbuliwa katika miaka ya 1970, na kiguzo chake kikubwa cha udongo ulioshindiliwa bado kipo hadi leo kusini ya mji wa kale. Wachimbaji walikuta misingi, kuta na vigae. Shaba ya majoka hawakuikuta, na hadi itakapopatikana angalau sehemu ya juu ya ile nguzo, tukaona kama ina tundu la kutundikia, mabishano ya iliyosimama na inayoning'inia yataendelea.